Kisa cha poti ya 17: kuisaka ruta ya nyumbani kwa jedwali la MAC

Meza moja ya maktaba, kompyuta mbili zimepakana. Ya kushoto inafungua mfumo wa usajili bila shida, ya kulia haifungui hata ukurasa wa chuo chenyewe. Kebo zote mbili ni nzima, taa za poti zinawaka kijani, na ukibadilishana kebo ugonjwa unabaki kwenye kompyuta ileile. Ilikuwa Jumatatu ya wiki ya usajili, katika chuo kimoja cha kati ambacho nilikuwa nakihudumia mtandao kwa mkataba, na kufikia saa nne asubuhi malalamiko ya namna hiyo yalikuwa yamenifikia kutoka majengo matatu.

"Fundi, mbona ya mwenzangu inakwenda?" aliniuliza mkutubi.

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa siku ile. Laiti tatizo lingekuwa kwa mtoa huduma wa intaneti au kwenye kebo inayoingia jengo la maktaba, wangekatika wote. Hapa palikuwa na kitu kinachochagua. Nikafungua dirisha la amri kwenye kompyuta inayougua, nikaandika `ipconfig /all`, na mistari mitatu ikatosha:

```
IPv4 Address. . . . . . : 192.168.0.112(Preferred)
Default Gateway . . . . : 192.168.0.1
DHCP Server . . . . . . : 192.168.0.1
```

Anwani za IP za wafanyakazi wa chuo kile huanza na 10.20, na mgawaji wake, yaani seva ya DHCP inayozipa kompyuta anwani zinapowashwa, ni swichi kuu iliyo kwenye chumba cha mitambo, yenye anwani 10.20.0.1. Hakuna mahali popote chuoni tulipowahi kutumia 192.168.0. Safu hiyo ndiyo ambayo ruta nyingi za nyumbani hutoka nayo kiwandani. Kwa hiyo palikuwa na ruta ya nyumbani mahali fulani kwenye majengo yale, imechomekwa kinyume, inagawa anwani zisizofika popote. Kompyuta ya kushoto ilikuwa haijazimwa tangu Ijumaa. Kompyuta yenye anwani tayari huomba kuongezewa muda kwa kumwendea moja kwa moja mgawaji aliyempa, haitangazi shida yake kwa kila mtu, na ndiyo maana ilisalimika. Ya kulia iliwashwa asubuhi ile, ikapiga mbiu mtandao mzima, na aliyejibu kwanza ndiye aliyesikilizwa.

Baadaye, kwa kutaka kujua tu, niliwasha Wireshark, programu ya kunasa na kusoma kinachopita mtandaoni, kwenye laptopu yangu na kuomba anwani upya. Ofa ya ruta haramu ilifika ndani ya milisekunde chache. Ofa ya swichi yetu ilichelewa karibu sekunde nzima, na hiyo si hitilafu. Swichi za Cisco zinapogawa anwani huipigia kwanza ping ile anwani mara mbili, zikisubiri milisekunde 500 kila mara, kuhakikisha hakuna anayeitumia. Ule uangalifu wake ndio uliomfanya ashindwe mbio.

Kujua kuna ruta haramu ni jambo la dakika mbili. Kujua iko wapi, kwenye majengo matatu yenye soketi za ukutani zaidi ya mia, ni kazi nyingine. Nimewahi kuona watu wakipita chumba kwa chumba wakiinamia kila meza. Swichi zenyewe zinajua jibu, mradi uziulize kwa mpangilio.

Mtandao ule ulijengwa hivi: swichi kuu, Catalyst 3560, na kutoka kwake kebo moja moja kwenda kwenye Catalyst 2960 ya kila jengo. Kila swichi hutunza jedwali la anwani za MAC, yaani namba za utambulisho za vifaa vya mtandao, na namna inavyolijaza inafaa kueleweka kabla ya kulisoma. Fremu, yaani kifurushi kimoja cha data, inapoingia kwenye poti yoyote, swichi husoma anwani ya mtumaji iliyo ndani ya fremu hiyo na kuandika kwamba anwani hii, kwenye VLAN hii, yaani sehemu hii ya mtandao iliyotengwa kwa mipangilio ya swichi, imeonekana ikiingilia poti hii. Basi. Haiandiki anwani ya mpokeaji, na haijui kifaa kina IP gani. Kifaa kikikaa kimya, mstari wake unafutwa. Kwenye swichi hizi muda wa kawaida ni sekunde 300. Ni daftari la mlinzi wa geti anayeandika waliopita dakika tano zilizopita na kuwasahau wengine wote.

Basi nilihitaji kwanza anwani ya MAC ya mshukiwa, na hapa ndipo nilipopoteza dakika ishirini. Kijana wa TEHAMA wa chuo alikuwa ameshaona kwenye simu yake jina la Wi-Fi asilolijua karibu na jengo la utawala, na programu yake ya kupima mawimbi ilimwonyesha anwani ya kituo kile ikiishia `53:a8`. Nikaichukua. (Tarakimu ninazotumia humu si zile za kweli. Nimeweka zinazoanza na 00-00-5E-00-53, ambazo zimetengwa rasmi kwa ajili ya mifano, nikabakiza tofauti zilezile za mwishoni.) Nikaitafuta kwenye swichi kuu, nikarudishiwa vichwa vya safu bila mstari hata mmoja. Nikajaribu kwenye swichi ya jengo la utawala, hakuna. Nikaanza kudhani labda ruta imezimwa, huku simu za malalamiko zikiendelea kuingia.

Kosa lilikuwa langu. Ruta ya nyumbani huwa na anwani za MAC zaidi ya moja: moja ya upande wa kebo za ndani, moja ya poti ya intaneti, na moja au mbili za redio ya Wi-Fi. Mara nyingi zinafuatana, zikitofautiana tarakimu ya mwisho. Simu inaona ile ya redio. Swichi ya jengo haiioni kamwe, kwa kuwa fremu za simu zinapovuka kutoka hewani kwenda kwenye kebo hubeba anwani ya simu yenyewe kama mtumaji, na ruta inapozungumza kwa niaba yake hutumia anwani yake ya upande wa kebo. Nilikuwa naulizia jina ambalo halijawahi kupita getini.

Njia ya uhakika ni kumuuliza aliyeathirika. Nilirudi kwenye kompyuta ya mkutubi, nikaipigia ping 192.168.0.1 ili izungumze nayo upya, kisha nikasoma jedwali lake la ARP, linalooanisha IP na MAC:

```
C:\> arp -a
  Internet Address      Physical Address      Type
  192.168.0.1           00-00-5e-00-53-a7     dynamic
```

Inaishia a7, na ile ya hewani ilikuwa a8. Kwenye laptopu yangu yenye anwani ya 10.20 amri hii isingenisaidia, maana kompyuta hutafuta MAC za walio kwenye safu yake tu. Kama hukai karibu na mwathirika, unaweza kujipa kwa mkono anwani kama 192.168.0.50 kwa muda, ukapiga ping na kusoma. Au ukanasa ofa ya DHCP kwa Wireshark na kuangalia mtumaji wa fremu.

Kabla ya kuondoka niliiacha kompyuta ile ikipiga `ping -t 192.168.0.1` bila kukoma. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni zile sekunde 300: sikutaka mstari ufutike katikati ya msako. Ya pili haionekani upesi. Swichi kuu itamjua mshukiwa endapo tu fremu zake zinapita kwake. Ruta ikiwa jengo la utawala na ikizungumza na kompyuta za jengo hilohilo tu, mazungumzo yale yanaishia kwenye swichi ya jengo na swichi kuu inaweza isijue lolote. Mwathirika aliye maktaba anailazimisha ruta ijibu kupitia katikati, na majibu yake yanaacha alama kila geti yanapopita.

Windows huandika MAC kwa vistari, Linux kwa nukta mbili, na Cisco kwa makundi matatu ya tarakimu nne yaliyotenganishwa kwa nukta. Tarakimu ni zilezile kumi na mbili, ila ukikosea kuzipanga upya utatafuta mtu asiyekuwepo. Nikaingia swichi kuu:

```
SW-KUU# show mac address-table address 0000.5e00.53a7
Vlan    Mac Address       Type        Ports
----    -----------       --------    -----
  20    0000.5e00.53a7    DYNAMIC     Gi0/3
```

Wengi wanaoanza hufika hapa, wakaona `Gi0/3`, wakaenda kuichomoa. Fanya hivyo na umelikata jengo zima. Jedwali linasema fremu za kifaa hiki *zimeingilia* Gi0/3. Halisemi kifaa kimechomekwa hapo. Swali la kujiuliza kila unapopata poti ni moja: upande wa pili wa poti hii kuna nini? Nikauliza kwa CDP, itifaki ambayo vifaa vya Cisco hujitambulisha nayo kwa majirani:

```
SW-KUU# show cdp neighbors gigabitEthernet 0/3
Device ID     Local Intrfce  Holdtme  Capability  Platform   Port ID
SW-UTAWALA    Gig 0/3        146      S I         WS-C2960-  Gig 0/1
```

Upande wa pili kuna swichi ya jengo la utawala. Kwa vifaa visivyo vya Cisco amri inayofaa ni `show lldp neighbors`, kama LLDP imewashwa. Na kama hakuna itifaki yoyote inayojitambulisha, wingi wa anwani unakupa dokezo: poti yenye anwani arobaini si ya mtu mmoja aliyeketi mezani, huko nyuma kuna swichi nyingine. Kwa wanaotumia vifaa tofauti, msako ni uleule na maneno tu yanabadilika: kwenye Huawei ni `display mac-address`, kwenye MikroTik ni `/interface bridge host print`. Swichi za bei nafuu zisizo na usimamizi nazo zina jedwali ndani, lakini hakuna mlango wa kulisomea, na msako wowote ukifika kwenye swichi ya namna hiyo unageuka kuwa wa kuchomoa kebo moja moja.

Nikahamia SW-UTAWALA na kurudia swali lilelile. Jibu likawa `Fa0/17`. Nikauliza jirani wa Fa0/17, hakuna. Hiyo ni poti ya mwisho, poti inayokwenda ukutani. Hapo nikaacha kumtafuta mmoja na nikaomba orodha ya wote wanaoingilia poti hiyo:

```
SW-UTAWALA# show mac address-table interface fa0/17
Vlan    Mac Address       Type        Ports
----    -----------       --------    -----
  20    0000.5e00.5311    DYNAMIC     Fa0/17
  20    0000.5e00.5324    DYNAMIC     Fa0/17
  20    0000.5e00.53a7    DYNAMIC     Fa0/17
  20    a61c.07d2.9be4    DYNAMIC     Fa0/17
  20    da41.38f0.6c15    DYNAMIC     Fa0/17
```

Anwani tano kwenye soketi moja iliyokusudiwa kompyuta moja. Kwangu hii ndiyo sehemu tamu ya kazi yote, kwa sababu orodha hii ya mistari mitano inakupa picha ya chumba ambacho hujakiona.

Tazama mistari miwili ya mwisho, na uangalie tarakimu ya pili ya kila anwani: ya kwanza ina 6, ya pili ina a. Anwani ya MAC ambayo tarakimu yake ya pili ni 2, 6, a au e haikutoka kwa mtengenezaji; imebuniwa na kifaa chenyewe. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujibunia anwani za namna hii kwa kila mtandao wa Wi-Fi ili mwenye simu asifuatiliwe. Kompyuta pepe nazo hutumia anwani za kubuni, kwa hiyo usiapie dalili hii peke yake. Lakini hapa hapakuwa na seva, ilikuwa poti ya ofisini. Simu haina tundu la kebo. Ukiona simu mbili zimeingilia kwenye waya, ujue baina ya waya na simu kuna kitu kinachorusha Wi-Fi. Hata nisingekuwa na ile a7 mkononi, mistari hii miwili ingenitosha kuishuku poti ya 17 kuliko nyingine zote.

Mistari miwili ya kwanza nayo ilikuwa na habari. Tarakimu sita za mwanzo za MAC isiyobuniwa hutambulisha mtengenezaji, na kwa anwani za kweli nilizoziona siku ile moja ilikuwa ya kampuni inayotengeneza printa, nyingine ya kompyuta za mezani. Nikahakikisha ya printa kwa kutafuta IP yake kwenye swichi kuu kwa `show ip arp 0000.5e00.5324`, na ikatoka anwani ambayo tulikuwa tumeiandika wenyewe kwa mkono: printa ya fomu za usajili. Kwa hiyo nyuma ya poti ya 17 palikuwa na kompyuta moja, printa moja, ruta na simu mbili, vyote vikipitia kebo moja. Ruta ya nyumbani ina swichi ndogo ndani yake, zile poti nne za rangi moja mgongoni. Mtu alikuwa amechomeka kebo ya ukutani kwenye mojawapo ya poti hizo badala ya ile ya intaneti, kisha kompyuta na printa kwenye zilizobaki. Ikichomekwa hivyo, ruta huunganisha kila kitu kama daraja, na mgawaji wake wa anwani anasikika chuo kizima.

Kishawishi cha kuandika `shutdown` kilikuwa kikubwa. Ila printa ile ilikuwa na foleni ya wanafunzi mbele yake, na kuizima katikati ya usajili kungeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Hapa nilishukuru kwamba nilisoma orodha nzima kabla ya kuchukua hatua. Swichi hizi zinaruhusu kuizuia anwani moja bila kugusa poti:

```
SW-UTAWALA(config)# mac address-table static 0000.5e00.53a7 vlan 20 drop
```

Kuanzia hapo swichi hutupa kila fremu inayotoka au kwenda kwa a7 kwenye VLAN hiyo. Printa iliendelea kuchapa. Nikampigia mkutubi azime na kuwasha, na kompyuta yake ikapata 10.20. Nikatuma ujumbe kwa majengo yote matatu: aliyekwama azime na awashe. Malalamiko yalipungua ndani ya nusu saa.

Yalipungua, hayakuisha. Zuio hili lina ukomo ambao ni rahisi kuusahau: linafanya kazi pale tu fremu zinapopita kwenye swichi uliyoliwekea. Kompyuta iliyochomekwa kwenye ruta yenyewe, pamoja na simu zilizo kwenye Wi-Fi yake, zinapewa anwani mbovu ndani ya kile kiboksi bila kufika kwetu kabisa. Kwa hao hakuna amri ya kuandika. Ni lazima ukiguse kifaa.

Basi poti ya 17 iko wapi? Kwenye raki ya jengo la utawala, kebo ya poti hiyo ilikwenda kwenye tundu la pachi paneli lililoandikwa "CHUMBA 9". Nikaenda. Chumba 9 ni stoo ya karatasi na viti vilivyovunjika, hakuna kompyuta wala umeme unaotumika. Nilirudi kwenye raki nikidhani nimesoma vibaya, nikaifuata kebo kwa vidole, ni ileile. Jedwali la MAC linaishia kwenye poti. Kutoka kwenye poti hadi kwenye meza ya mtu unategemea lebo, na lebo hubandikwa na binadamu, kisha majengo yakakarabatiwa na lebo zikabaki.

Hapo ndipo ile a8 ya kijana wa TEHAMA, niliyoitupa asubuhi, ilipopata kazi. Haikufaa kwenye waya, lakini hewani ndiyo hasa inayohitajika. Tulifungua programu ya mawimbi kwenye simu yake na kutembea ukumbini tukiitazama anwani hiyo tu. Mbele ya stoo ilisoma kama -60. Tulipopita mlango unaofuata ikapanda hadi -38, na kwenye kipimo hiki namba inapokaribia sifuri wewe unakikaribia kifaa. Ilikuwa ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Zamani ilikuwa nusu ya Chumba 9, kabla ukuta wa mbao haujasimamishwa katikati. Soketi ilibaki upande wa stoo, na kebo ilipitishwa chini ya ukuta kwenye kitundu kilichofichwa na kabati.

Mwenye ofisi, mama wa makamo, alitupokea kwa furaha isiyolingana na shughuli iliyotuleta.

"Karibuni wanangu, afadhali mmekuja. Nilikuwa nataka niwapigie. Hiki kidude nilikileta Ijumaa jioni kutoka nyumbani kwa sababu simu hazishiki Wi-Fi humu ndani. Sasa zinashika lakini intaneti hakuna, na hata kompyuta yangu leo imegoma."

Nilimwonyesha ile poti ya rangi tofauti iliyokuwa tupu, nikamweleza kilichotokea kwa majengo mengine. Alishika kichwa. Sikuona sababu ya kumlaumu. Malalamiko kwamba Wi-Fi ya chuo haifiki ukumbi ule yalikuwa kwenye daftari letu tangu muhula uliopita.

Kuhamisha kebo kwenda poti ya intaneti kungemaliza tatizo la chuo, lakini printa ingejikuta nyuma ya ruta na isingefikika tena na ofisi nyingine. Kwa hiyo kebo tuliiacha ilipo, tukaingia kwenye mipangilio ya ruta na kuzima DHCP, tukaipa anwani ya 10.20 kutoka kwenye zile tunazozihifadhi ili tuweze kuifikia, na kuweka nenosiri jipya la Wi-Fi. Ikawa kituo cha Wi-Fi tu. Kisha nikaondoa lile zuio kwa kuanza amri ileile na `no`. Hatua hii husahaulika, na miezi mitatu baadaye mtu anashangaa kwa nini kifaa kizima hakifikiki.

Kilichobaki ni kuzuia lisirudi kupitia poti nyingine. Dawa yake inaitwa DHCP snooping: swichi inakataa ofa za DHCP kutoka kwenye poti zote isipokuwa zile ulizozitaja kuwa za kuaminika. Kwa swichi ya jengo, poti ya kuaminika ni ile inayokwenda kwa swichi kuu.

```
ip dhcp snooping
ip dhcp snooping vlan 20
no ip dhcp snooping information option
interface GigabitEthernet0/1
 ip dhcp snooping trust
```

Mstari wa tatu una historia yake kwangu. Bila mstari huo, swichi ya jengo hubandika maelezo ya ziada kwenye kila ombi la DHCP kabla ya kulipitisha, na mgawaji wa Cisco anapopokea ombi lenye maelezo hayo ambalo halikupitia kwa mpatanishi anayemtambua, hulitupa kimyakimya. Niliwahi kuwasha snooping mahali pengine bila kuujua mstari huu, na asubuhi yake hakuna kompyuta hata moja iliyopata anwani. Safari hii niliijaribu kwanza maktaba peke yake, kompyuta mbili, nikaona zimepata 10.20, ndipo nikaendelea na majengo mengine jioni watu walipoondoka.

Lebo ya pachi paneli tuliibandua na kuandika upya, na kwenye swichi nikaiwekea poti maelezo kwa `description`: ofisi ya mshauri, kituo cha Wi-Fi, printa ya fomu. Wiki mbili baadaye nilipita na kusoma tena orodha ya Fa0/17. Anwani zilikuwa nane, tano kati yake zikiwa na 2, 6, a au e kwenye tarakimu ya pili. Wafanyakazi wa ukumbi mzima walikuwa wameshapeana nenosiri.